Mkakati, sanaa ya operesheni na mbinu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa mfano wa manowari Königsberg, Unguja na Rufiji, 1914–1915

Kwa maneno machache, tofauti ya ngazi hizi tatu ni ipi?

Mkakati unajibu vita inapiganwa kwa ajili ya nini na kwa mali gani. Mbinu zinajibu namna ya kumshinda adui aliye mbele yako leo, kwa silaha ulizonazo mkononi. Katikati yake kuna sanaa ya operesheni: kazi ya kupanga mapambano, safari, vituo, mafuta, matengenezo na muda, ili mapambano hayo yakijumlishwa yafikishe pale mkakati ulipotaka. Ngazi hii ya kati ndiyo inayowasumbua wengi, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaihusu.

Kwa nini mfano ni Königsberg? Sisi Zanzibar si tuna vita vyetu vya dakika 38?

Swali hili haliishi, na ni la haki. Lakini vita vya tarehe 27 Agosti 1896 ni mfano mbaya kwa somo hili. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeshatia nanga mbele ya kasri, muda wa onyo ukaisha, zikapiga, mambo yakamalizika asubuhi ile ile. Hakukuwa na safari ya kupanga, hakukuwa na pambano la pili, wala hakuna aliyeishiwa makaa. Ngazi ya kati karibu haionekani.

Kampeni ya Königsberg ilichukua karibu mwaka mmoja, iligusa bandari yetu, Mafia, Rufiji, Lindi na Dar es Salaam, na inaeleweka hata kwa asiyejua mambo ya jeshi, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na manowari moja tu. Ukiifuata manowari hiyo moja, unaziona ngazi zote tatu.

Nini hasa kilitokea?

Königsberg ilikuwa manowari ya kisasa ya Wajerumani, yenye mizinga 10 ya milimita 105, chini ya Kapteni Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 31 Julai, siku chache kabla Uingereza haijaingia vitani, ilitoka bandarini. Manowari tatu za Waingereza zilizokuwa zikiivizia zilijaribu kuifuata, lakini zilikuwa kuukuu na haziwezi mbio zake, ikazipotea. Tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, katika Ghuba ya Aden. Hiyo ndiyo meli ya biashara pekee iliyowahi kuikamata.

Baada ya hapo makaa yakaanza kuisha. Mwanzoni mwa Septemba ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaizukia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe ikitengenezwa mashine, ikaiharibu vibaya, na Pegasus ikazama. Königsberg ikarudi Rufiji na haikutoka tena. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaifungia humo, na kuiangamiza tarehe 11 Julai 1915.

Kila upande ulikuwa na mkakati gani?

Wajerumani walijua kuwa jeshi lao la majini haliwezi kulishinda la Waingereza ana kwa ana katika Bahari ya Hindi. Walichokitaka ni kuvuruga: kukamata meli za biashara, kutia hofu kwenye njia za Aden na Bombay, na kuwalazimisha Waingereza watawanye manowari zao kulinda kila kona. Manowari moja inayojulikana ipo baharini, lakini haijulikani ipo wapi, inaweza kufanya kazi hiyo kwa miezi.

Kwa Waingereza, jambo kubwa wakati ule lilikuwa kuwasafirisha askari kutoka India, Australia na kwingineko kwenda kwenye medani za vita, na kuhakikisha biashara inapita. Afrika Mashariki haikuwa juu katika orodha yao. Lakini walifanya jambo moja la kimkakati ambalo watu hulipita bila kulitazama: walinunua makaa ya mawe yaliyokuwa yakipatikana katika Msumbiji ya Wareno, ili mawakala wa Kijerumani wakija wakute maghala matupu. Hapo hakuna mzinga uliopigwa, na hakuna kapteni aliyeamua. Ni fedha ya dola iliyotumika kumnyima adui miguu. Huo ndio mkakati katika sura yake halisi, na mimi nauhesabu kuwa pigo zito kuliko mengi yaliyofuata.

Basi shambulio la bandari ya Unguja liko ngazi gani?

Ukilitazama lilivyopiganwa, ni mbinu, na mbinu nzuri sana.

Looff alipata habari kwa walinzi wa pwani kwamba kuna manowari ya Kiingereza imeingia Unguja. Alijua haitakaa siku nyingi. Akatoka Rufiji kwa maji kujaa, akasafiri usiku mwendo wa karibu kilomita 180 kuelekea kaskazini, akafika bandarini kunapambazuka. Meli ndogo ya ulinzi iliyokuwa mlangoni, Helmuth, haikuwa na uwezo wa kumzuia wala wa kutoa onyo kwa wakati.

Sasa angalia mizinga. Pegasus ilikuwa na 8, yenye kipenyo kinachokaribia kile cha Königsberg. Kwenye karatasi hawakupishana sana. Lakini mizinga ya Pegasus ilikuwa ya kizamani na makombora yake hayakufika mbali. Looff alianza kupiga akiwa umbali wa kilomita 9 hivi, ambapo yeye anafika na mwenzake hafiki. Pegasus, mashine zake zikiwa zimefunguliwa, haikuweza kusogea mbele kupunguza umbali wala kukimbia. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa. Königsberg haikupata hasara ya maana.

Kuchagua saa, kuchagua umbali, kumkuta adui hawezi kutembea: hayo yote ni maamuzi ya mbinu, na Looff aliyapata sawasawa.

Kama alishinda vile, kwa nini akaishia kuangamia?

Kwa sababu ushindi ule haukuunganishwa na kitu cha baada yake. Jiulize: Pegasus ikishazama, Looff anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakukiweza? Makaa hayakuongezeka. Njia ya kurudi Ujerumani haikufunguka. Dar es Salaam haikuwa kimbilio, maana Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari mwezi Agosti ili Waingereza wasiingie. Na manowari yao haikuweza kuingia pia.

Juu ya hayo, ilipokuwa ikiondoka Unguja mashine yake ikavunjika kifaa muhimu. Looff alikuwa amekusudia kuanza safari ndefu ya kwenda kwao. Sasa akalazimika kurudi Rufiji. Vifaa vilivyoharibika vikabebwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, kazi ya wiki nyingi.

Wakati huo upande wa pili haukulala. Kabla ya shambulio, Königsberg ilikuwa kero isiyojulikana ilipo. Baada yake, kila mtu Landani alijua iko karibu na pwani yetu. Manowari tatu zenye nguvu, Chatham, Dartmouth na Weymouth, zikapewa kazi ya kuitafuta. Ushindi wa alfajiri moja uliwaita watu ambao Looff hakuwa na uwezo wa kupambana nao.

Wako wanaomtetea: manowari yenyewe ilikuwa na hali mbaya, na kupoteza nafasi ile kungekuwa uzembe. Nakubali kwamba kifaa kilichovunjika ni bahati mbaya. Lakini manowari isiyo na bandari ya matengenezo wala makaa ya akiba haikuwa na nafasi ya kuhimili bahati mbaya hata moja, na kujua hilo kabla ya kutoka ndiyo kazi ya ngazi ya kati.

Sanaa ya operesheni inaonekana wapi upande wa Waingereza?

Inaonekana tangu Oktoba 1914 hadi Julai 1915, na ni vyema kuifuata polepole.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipata. Hawakuipata kwa kuzunguka baharini. Chatham iliipekua meli ya Kijerumani, Präsident, iliyokuwa Lindi, wakakuta karatasi zinazoonyesha kwamba imepeleka makaa Rufiji. Kwa maneno mengine, waliufuata mzigo, na mzigo ukawapeleka kwa mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba wakaiona ndani ya delta.

Kuiona hakukuwa kuifikia. Wazee wetu waliokuwa wakileta boriti za mikoko kwa majahazi kutoka Rufiji waliijua vizuri delta ile: milango mingi, fungu za mchanga zinazohama, njia ambazo maji yakipwa hubaki tope. Wajerumani walikuwa wameipima kabla ya vita, na Waingereza hawakuwa na ramani kama zao. Manowari kubwa za Kiingereza zilihitaji maji ya kina kirefu, hivyo hazikuweza kuingia. Zikibaki nje, mizinga yake haifiki. Njia zenyewe zililindwa na askari na mizinga iliyofichwa mikokoni. Mwezi Novemba walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mlango mmoja ili kuuziba, lakini milango mingine ilibaki.

Hapo mtu wa mbinu peke yake angesema: tuongeze mizinga. Walijaribu hata kuleta manowari kubwa kuukuu, Goliath, ikashindwa kusogea karibu kwa sababu ya kina. Tatizo halikuwa uchache wa mizinga. Vitu vinne vilikuwa havijapatikana mahali pamoja kwa wakati mmoja: chombo kinachoelea kwenye maji machache, macho ya kuona juu ya mikoko, kituo cha karibu cha kuvihifadhi vyote viwili, na muda wa kuvikusanya bila Königsberg kutoroka.

Muda waliununua kwa kuzuia. Manowari zilikaa nje ya milango mwezi baada ya mwezi, kazi ya kuchosha isiyo na sifa yoyote. Kituo walikipata Januari 1915 walipoiteka Mafia. Mapigano ya Mafia yalikuwa madogo, lakini kisiwa kile kiko mbele ya delta yenyewe, na baadaye ndipo palipofyekwa kiwanja cha ndege.

Macho yalikuwa taabu. Ndege za mwanzo za kutua majini zilishindwa na joto la pwani. Nyingine zilikataa hata kuinuka. Zilibadilishwa moja baada ya nyingine mpaka zikapatikana zinazofaa, na mwishowe za kurukia nchi kavu kutoka Mafia.

Chombo kilitoka mbali zaidi. Severn na Mersey zilikuwa manowari za mtoni, aina iitwayo monita, zilizojengwa kwa ajili ya Brazili, zikachukuliwa na Waingereza vita vilipoanza. Zilihitaji maji yasiyofika hata mita 2. Baharini zilikuwa dhaifu, kwa hiyo zilikokotwa kutoka Malta, kupitia Suez na Bahari ya Shamu, hadi Mafia, ambako zilifika Juni.

Hayo yote hayana pambano hata moja la kuhadithia barazani. Ila ukiyaondoa, hakuna Julai.

Na upande wa Wajerumani, hawakujaribu kuikwamua?

Walijaribu, na jaribio hilo pia ni operesheni. Ujerumani ilituma meli Rubens, iliyojifanya ya nchi isiyokuwamo vitani, ikiwa na makaa ya Königsberg na silaha za jeshi la nchi kavu. Ilifika pwani ya Tanga Aprili 1915, lakini manowari Hyacinth iliigundua na kuifukuza mpaka ikapanda fungu katika Ghuba ya Manza. Silaha nyingi ziliokolewa baadaye na kulisaidia jeshi la nchi kavu. Makaa hayakufika Rufiji. Kuanzia siku hiyo, kwa maoni yangu, Königsberg ilikuwa ngome ya mizinga iliyokwama mtoni, si manowari tena.

Tarehe 6 na 11 Julai zinatufundisha nini kuhusu mbinu?

Tarehe 6 Julai, Severn na Mersey ziliingia mtoni alfajiri kwa maji kujaa, zikatia nanga kiasi cha kilomita 10 kutoka kwa Königsberg na kuanza kupiga juu ya mikoko kwa kuongozwa na ndege. Zilipiga makombora zaidi ya 600. Mersey ikapigwa, mabaharia wake wakafa, na jioni zote mbili zikatoka bila kumaliza kazi.

Kasoro moja ilikuwa rahisi kuieleza. Monita zote mbili zilikuwa zikipiga pamoja, na mtu aliye juu kwenye ndege akiona maji yameruka au mikoko imevunjika hajui kombora ni la nani. Anatuma sahihisho “ongeza mbele,” halafu anayesahihisha ni yule ambaye tayari alikuwa karibu. Nayo Königsberg ilikuwa na waangalizi wake ufukweni, hata juu ya miti, wanaoongoza mizinga yake. Severn ilikiona kimojawapo cha vituo hivyo vya mtini na kukipiga, na tangu hapo makombora ya Wajerumani yakaanza kupotea.

Tarehe 11 walirudi na utaratibu mpya: inapiga moja tu kwa wakati. Severn ikapewa nafasi. Rubani Cull na mwangalizi wake Arnold walipigwa ndege yao ikaanza kushuka, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wanaanguka. Waliokolewa majini. Makombora ya Severn yakawa yanapata, Königsberg ikashika moto, Looff mwenyewe akajeruhiwa na kuamuru ilipuliwe.

Linganisha sasa na Unguja. Waingereza walishindwa pambano la tarehe 6 na wakaweza kurudi baada ya siku 5, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na Mafia, mafundi, makombora na manowari zinazolinda mlango. Looff alishinda tarehe 20 Septemba na hakuwa na pambano la pili.

Kuzama kwa Pegasus lilikuwa kosa la nani? La kapteni wake?

Hapa ndipo ngazi zinaposaidia kugawa lawama vizuri. Mkakati wa Uingereza ulidai manowari zisindikize misafara ya askari. Dai hilo lilikuwa sahihi. Amiri King-Hall, mkuu wa kikosi chote, akaziondoa Astraea na Hyacinth kwenda kusindikiza, na Pegasus ikabaki peke yake huku Königsberg haijulikani ilipo. Hilo ni pengo la operesheni. Kisha Pegasus ilihitaji matengenezo, na kuyafanyia katika bandari iliyo wazi kuelekea baharini, kwa mlinzi mmoja mdogo mlangoni, ni udhaifu wa operesheni na mbinu kwa pamoja. Mabaharia walilala karibu na mizinga yao na walijibu mapigo, lakini ushujaa haukuyafanya makombora yaende mbali zaidi ya mzinga unavyoruhusu.

Kwa hiyo jambo kubwa ni mkakati, dogo ni mbinu?

Hapana. Ukubwa haupimi ngazi. Ndege moja mbovu pale Mafia ilikuwa sehemu ya mpango wa operesheni. Makombora 600 ya siku moja yalikuwa mbinu. Pima kwa kuuliza uamuzi ulikuwa unatatua tatizo gani: la siku ile, la kampeni, au la vita nzima.

Ngazi ya kati si uzushi wa walimu wa vyuo vya jeshi? Zamani walikuwa na mbili tu.

Ni kweli kwamba waandishi wa karne ya 19 wengi walitosheka na mkakati na mbinu. Jina la sanaa ya operesheni lilienea kutoka Urusi ya Kisovieti miaka ya 1920, na anayetajwa zaidi ni mwandishi wa mambo ya kijeshi Aleksandr Svechin. Sababu yake ni kwamba majeshi yalikuwa makubwa na vita virefu kiasi kwamba pambano moja halikuamua tena. Kazi yenyewe ilikuwapo kabla ya jina: waliozikokota Severn na Mersey mwaka 1915 hawakuwa na neno hilo. Wapo hadi leo wanaoona kuwa ngazi hii huwapa makamanda kisingizio cha kuwaweka wanasiasa mbali. Hoja hiyo ina uzito, ila kwa kampeni ya manowari moja haitusumbui.

Hatimaye, Wajerumani walipata chochote?

Walipata zaidi ya inavyodhaniwa. Kwa miezi kadhaa manowari moja iliyokwama iliwashughulisha Waingereza kwa manowari, ndege na makaa ambayo yangetumika kwingine. Kimkakati hiyo ni faida, ingawa haikuwa ile iliyokusudiwa.

Na Waingereza, baada ya kuiangamiza, hawakwenda kuhakikisha mabaki. Mto haukuwa na kina cha kuizamisha yote. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10, wakaitengeneza na kuipeleka kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa nchi kavu, pamoja na mabaharia waliosalia. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli tunayoijua leo kwa jina la MV Liemba. Mingine ilikokotwa na watu katika nchi kavu wakati wa kampeni iliyoendelea hadi Novemba 1918. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus kutoka bandari ya Unguja na kuitumia upande wao. Mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg ipo Fort Jesus, Mombasa, kwa anayetaka kuilinganisha kwa macho.